Ripoti ya kila wiki ya bidhaa zinazonunuliwa pamoja: nihamishe nini dukani?

Mwana_Kihesa

Wakuu, habari za saa hizi. Nasimamia duka la kujihudumia hapa Iringa. Si kubwa, safu nne za shelfu na kaunta mbili. Bosi anataka kila Jumatatu asubuhi akute mezani karatasi moja inayomwambia wateja wananunua nini pamoja na nini, ili tupange duka upya kabla baridi haijakolea.

Programu ya kaunta inanitolea faili la mauzo. Kila mstari una namba ya risiti, saa, jina la bidhaa, idadi na bei. Nimeliingiza kwenye hifadhidata ndogo nikaandika hivi:

```sql
SELECT a.bidhaa, b.bidhaa,
       COUNT(DISTINCT a.risiti) AS pamoja
FROM mauzo a
JOIN mauzo b ON a.risiti = b.risiti
            AND a.bidhaa < b.bidhaa
GROUP BY a.bidhaa, b.bidhaa
ORDER BY pamoja DESC;
```

Inafanya kazi, jozi zinatoka. Shida ni jozi zenyewe. Ya kwanza ni mfuko na sukari, ya pili mfuko na mkate, ya tatu sukari na mkate, inafuata mfuko na mafuta ya kula. Bosi kaona sukari na mkate, kesho anataka shelfu ya mkate ihamie kwenye sukari. Mimi roho inasita. Hiyo karatasi inatuambia kitu kweli, au inatuambia tu kwamba watu wa Iringa wanakula mkate na kunywa chai?

Risiti_Halali

Mkuu, hapo muone mhasibu wako mapema. Ripoti Z, ile ya kufunga mauzo ya siku kwenye mashine ya kodi, inatakiwa kutoka kila siku, si kila wiki, na bosi asije akawa anakusanya risiti za Jumatatu hadi Jumatatu akadhani ndiyo utaratibu. Watu wengi wamepigwa faini kwa hilo.

Mwana_Kihesa

Asante kaka, ila hii siyo ya kodi. Naangalia kilichomo ndani ya risiti, kipi kimeandamana na kipi, kwa ajili ya kupanga shelfu.

Risiti_Halali

Ahaa, nimekupata. Basi angalia mashine yako inaandika nini. Maduka mengi ukisoma risiti ya EFD, hiyo mashine ya kodi, unakuta mstari mmoja tu, "mchanganyiko", na jumla. Hapo hata uchambue mwaka mzima huoni kitu.

Data_Kitaa

Rahisi sana hii. Kuna njia ya kutafuta vitu vinavyonunuliwa pamoja inaitwa Apriori, tafuta maktaba ya Python, umemaliza. Kwanza futa risiti zote zenye bidhaa moja maana hazina jozi, ni takataka. Halafu kwa kila jozi uliza: kati ya walionunua A, wangapi walichukua na B? Zinazovuka asilimia 25 mpe bosi. Idadi ya pamoja peke yake haina maana, hapo uko sahihi kusita.

MzeeWaLeja

Data_Kitaa kaanza vizuri kisha kaniacha njiani. Mwana_Kihesa, kabla sijasema neno, nipe namba hizi za wiki nne zilizopita: jumla ya risiti zote, hata za kitu kimoja, risiti zenye sukari, zenye mkate, zenye vyote viwili. Na uchague jozi nyingine moja ambayo wewe mwenyewe kwa macho ya dukani unaamini ni ya kweli, hata kama iko chini kabisa kwenye orodha yako.

Mwana_Kihesa

Mzee, shikamoo. Hizi hapa.

Risiti zote 12,000. Sukari 3,000, mkate 2,400, vyote viwili 640.

Jozi ninayoiamini ni majani ya chai na tangawizi ya unga. Chai 800, tangawizi 300, vyote viwili 100. Kwenye orodha yangu iko mbali sana chini, bosi hakuifikia.

MzeeWaLeja

Marahaba. Sasa tuhesabu pamoja, na hii bosi wako ataielewa bila kompyuta.

Sukari iko kwenye risiti 3,000 kati ya 12,000, yaani robo. Kama sukari na mkate havijuani kabisa, bado robo ya wanunuzi wa mkate wangechukua sukari, kwa sababu robo ya watu wote wanachukua sukari. Robo ya 2,400 ni 600. Wewe umepata 640. Kwa hiyo zile 640 zinazomtia bosi hamasa, 600 zingekuwepo hata kama vitu hivyo viwili havijuani kabisa. Ukigawa 640 kwa 600 unapata 1.07. Hapo hamna habari.

Chai na tangawizi: chai ni 800 kati ya 12,000, yaani moja ya kumi na tano. Moja ya kumi na tano ya 300 ni 20. Ulitarajia 20, umepata 100. Uwiano ni 5. Hiyo ndiyo jozi.

Na ndiyo maana kipimo cha Data_Kitaa hakitoshi. Chukua chumvi. Wanunuzi 100 wa chumvi, kwenye duka lolote linalouza sukari sana kama lako, huenda 27 wakachukua sukari. Kwa asilimia yake 25 chumvi na sukari wamefuzu. Lakini mtu yeyote anayepita kaunta, awe na chumvi au asiwe nayo, 25 kati ya 100 wana sukari. Chumvi haijamvuta mtu. Wakati huohuo, akianza kuuliza upande wa chai, jozi ya chai na tangawizi anaitupa nje, maana kati ya wanunuzi 100 wa chai ni 12 na nusu tu wanaochukua tangawizi.

Karatasi ya bosi iwe na safu nne: jozi, walionunua pamoja, tuliotarajia, na uwiano. Usimpe jozi yoyote iliyotokea pamoja chini ya mara 20 katika wiki nne. Una bidhaa ngapi?

Mwana_Kihesa

Kama 800 hivi.

MzeeWaLeja

Bidhaa 800 zinazaa jozi 319,600. Nyingi hazikutani kabisa, lakini katika hizo lazima upate vituko: kiwi ya viatu na jani la bay, zimetokea mara tatu, uwiano 40. Hizo ndizo zinazomfanya bosi acheke na karatasi iende kufungia vitumbua. Kikomo cha 20 kinazikata karibu zote.

Na usitumie wiki moja. Ripoti itoke kila wiki, sawa, lakini kila Jumatatu ichukue wiki nne zilizopita. Wiki moja una risiti kama 3,000, tangawizi itakuwa na 75 tu, na jozi yake na chai 25. Wiki ijayo ikiwa 18 bosi atasema jozi imekufa, kumbe ni mtikisiko wa kawaida. Tena wiki nne karibu kila mara zinagusa mwisho wa mwezi mmoja, kwa hiyo wiki ya mshahara inakuwepo karibu kila ripoti.

Binti Makorora

Shikamoo mzee. Mimi niko Tanga, tulifanya jambo kama hili, naomba niongeze ya dukani maana nyie mmekaa kwenye hesabu.

Kwanza huo mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 kila duka linauza mfuko mbadala kaunta, na unaingia kwenye risiti kama bidhaa. Utoe kabisa kwenye hesabu. Hata ukitumia uwiano wa mzee bado utakudanganya, kwa sababu anayenunua mfuko ni yule mwenye vitu vingi, na mwenye vitu vingi anaonekana ana urafiki na kila kitu. Vocha nazo zitoe.

Pili, kuna vitu vya kupima. Sisi sukari ya kilo moja moja tuliipima wenyewe na haikuwa na bakodi, keshia anabonyeza kitufe cha "mchanganyiko". Kitufe hicho hicho alikibonyeza kwa dagaa, maharage, karanga, hata mshumaa uliobanduka bakodi. Ripoti ikasema "mchanganyiko" inanunuliwa na kila kitu. Tulikaa na makeshia tukawatengenezea vitufe vya vitu kumi na mbili vinavyotoka sana. Angalia kwako, sukari 3,000 ni ya pakiti tu au na ya kupima?

Tatu, majina. Unga wa sembe kilo mbili ulikuwa umeandikwa "SEMBE 2KG", "Unga sembe 2", "sembe kg2". Bidhaa moja, watu watatu. Kila jina lilikuwa na jozi dogo dogo, hakuna lililofika hata kumi na tano, tukadhani sembe haina mwenzake. Sisi tuliunganisha hata chapa: majani ya chai ni majani ya chai, iwe chapa hii au ile. Kwa kupanga shelfu chapa haina umuhimu, unahamisha chai yote.

Mwana_Kihesa

Dada nashukuru. Sukari ya kupima ina kitufe chake, hapo tupo salama. Majina ndiyo aibu, nimekuta "TANGAWIZI" na "Ginger powder" zinaishi pamoja. Nazishughulikia leo.

Kasarani_Duka

Hapa Kenya mifuko ilikatazwa 2017, tuliyaona hayo mapema. Lakini jameni, mbona hamjamwambia kuhusu bia na nepi? Supermaketi moja Marekani iligundua kina baba wakitumwa nepi jioni wanabeba na bia, wakaweka bia kando ya nepi na mauzo yakapanda vibaya sana. Yaani hii kazi inalipa, bosi asiogope kuhamisha.

MzeeWaLeja

Hadithi hiyo ya pampasi na bia inasimuliwa kila semina. Risiti zilichambuliwa kweli, za maduka ya Osco Drug, mwaka 1992, na kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja jioni jozi hiyo ilionekana. Kilichoongezwa na wasimuliaji ni hayo mauzo kupanda. Shelfu hazikuhamishwa.

Nakazia hilo kwa sababu ndipo Mwana_Kihesa atakapokwama. Risiti zinakwambia vilivyokwenda pamoja kwenye mpangilio uliopo leo. Hazikwambii kitatokea nini ukihamisha.

Kasarani_Duka

Sawa mzee, umenimalizia hadithi. Lakini basi kama risiti hazisemi nikihamisha itakuwaje, ripoti ni ya nini?

MzeeWaLeja

Ni ya kuchagua cha kujaribu. Badala ya kubahatisha kati ya bidhaa 800 unabaki na jozi kumi za kufikiria.

Mwana_Kihesa

Wakuu, nimetoa mfuko na vocha, nimeunganisha majina, nikatumia wiki nne na kikomo cha 20. Mambo yamebadilika kabisa. Juu sasa kuna:

Chai na tangawizi, uwiano 5 vilevile (nyingi za "Ginger powder" zilikuwa ni za kabla ya wiki hizi nne).

Ngano na mafuta ya kula: ngano 1,500, mafuta 2,000, pamoja 560. Tulitarajia 250, uwiano 2.24. Chapati hizo, hata sihitaji kuuliza.

Halafu kuna kundi linalonichanganya: mchele na sabuni ya miche, mchele na chumvi, sabuni ya miche na mafuta, chumvi na viberiti, zote uwiano kati ya 3 na 4. Mchele na sabuni wapi na wapi? Nizisogeze karibu?

Binti Makorora

Sabuni usisogeze popote karibu na mchele! Wala chai, wala ngano. Majani ya chai yanafyonza harufu kama sifongo, mteja anapika chai inanukia sabuni ya kufulia, anakurudishia pakiti mbele ya watu. Hata uwiano uwe mia, sabuni inakaa na mwenzake sabuni.

MzeeWaLeja

Dada kasema kweli. Na kabla ya harufu, fungua risiti zenyewe. Chagua kama ishirini zenye mchele na sabuni uzisome kwa macho, saa na idadi. Nahisi utakuta kitu.

Mwana_Kihesa

Mzee una macho ya mbali. Nyingi ni kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Mchele kilo 10, mafuta lita 5, sabuni miche miwili, chumvi, viberiti. Siku sita kwa wiki, karibu idadi zilezile. Ni mama lishe wa stendi! Nawajua kwa sura, hawazidi sita.

Na zipo risiti za vitu arobaini, hamsini, hao ni wenye vibanda wanachukua mzigo kwetu.

MzeeWaLeja

Ndiyo hivyo. Risiti haijui mtu. Mama lishe sita wakija kila siku ni risiti kama 140 kwa wiki nne, na kwenye karatasi wanaonekana ni wateja 140. Hao hawahitaji shelfu ihamishwe, wanaingia na orodha kichwani na wanajua kila kitu kilipo. Wakati mwingine wanaagiza tu kaunta.

Wenye vibanda ni wabaya zaidi. Risiti ya vitu vitatu inazaa jozi tatu. Risiti ya vitu hamsini inazaa jozi 1,225. Risiti kumi za namna hiyo zinaongea kuliko wateja elfu nne wa kawaida. Weka ukomo. Mimi kwa duka la ukubwa wako ningeacha nje kila risiti yenye aina zaidi ya 20 za bidhaa, na ningeangalia kwa jicho zile zenye idadi ya jumla, mafuta ndoo nzima, sabuni katoni.

Na muulize keshia kama kuna muda anaacha risiti wazi anahudumia watu wawili mfululizo. Foleni ikiwa ndefu hilo hutokea, na jozi inayotokana na hilo ni ya watu wawili wasiojuana.

Data_Kitaa

Mzee naheshimu, lakini la risiti za kitu kimoja bado sijakubali. Mtu aliyeingia kununua mkate tu na kutoka hana taarifa yoyote kuhusu jozi. Kwa nini awe kwenye hesabu?

MzeeWaLeja

Kwa sababu yeye ndiye ushahidi kwamba mkate unaweza kwenda peke yake. Ukimfuta, unabaki na wale tu walioandamanisha, kisha unashangaa kwamba wanaandamanisha. Mwana_Kihesa, hesabu njia zote mbili tuone.

Mwana_Kihesa

Risiti za kitu kimoja ni 5,400, zinabaki 6,600. Kati ya zilizofutwa, 900 ni mkate peke yake na 900 sukari peke yake. Kwa hiyo mkate unabaki 1,500, sukari 2,100. Tulitarajia 477, pamoja ni 640 zilezile, uwiano unapanda kutoka 1.07 hadi 1.34.

Chai inabaki 650, tangawizi 270. Tulitarajia karibu 27, pamoja 100, uwiano unashuka kutoka 5 hadi 3.8.

MzeeWaLeja

Umeona? Mkate unanunuliwa peke yake mara nyingi, ukiwafuta hao unaupa sifa ya kupenda kampani ambayo hauna.

Data_Kitaa

Lakini mpangilio haujabadilika! Chai na tangawizi bado iko juu, sukari na mkate bado chini. Na kuna hoja nyingine: anayekuja kununua mkate tu saa kumi na mbili asubuhi anafika mlangoni, anabeba, anaondoka. Hazungukii shelfu. Mpangilio wa safu ya tatu haumgusi. Kwa nini nimhesabu kwenye swali la safu ya tatu?

MzeeWaLeja

Hiyo hoja ina uzito, sikatai. Mimi nambakiza kwa sababu ndiye ninayetaka aongeze kitu cha pili. Wewe unamtoa kwa sababu hafiki huko. Mwenye duka achague, ila akichagua asibadilishe katikati, maana wiki hii ikiwa njia moja na wiki ijayo nyingine, ripoti zake hazilinganishiki.

Kasarani_Duka

Sasa swali la wenye duka: vikiwa jozi kweli, vikae pamoja ama mbalimbali? Mimi nilifunzwa viwekwe mbali ndio mteja apite kwingine akitafuta cha pili.

Binti Makorora

Kwenye supermaketi kubwa sawa. Kwenye safu nne atazunguka wapi, mdogo wangu? Sisi tulifikiria hivi: kitu ambacho mteja lazima akinunue, atakitafuta mwenyewe. Ngano na mafuta ya chapati haina haja kusogezwa, hakuna mtu anafika nyumbani na ngano akasahau mafuta, au kama hakununua ni kwamba anayo. Sogeza kile ambacho mtu anaweza kuishi bila hicho na akikiona anakikumbuka. Kwetu ilikuwa tambi na iliki. Iliki ilikuwa imefichwa kwenye viungo, tukaning'iniza pakiti ndogo palepale kwenye tambi. Mwezi wa Ramadhani zilitoka vizuri. Lakini Ramadhani kila kitu cha futari kinatoka, kwa hiyo siwezi kuapa ni kwa sababu ya kuning'iniza.

Mwana_Kihesa

Hiyo ya dada nimeielewa. Tangawizi yetu ipo safu ya nne, shelfu ya chini kabisa, na viungo vya pilau. Chai ipo safu ya pili na kahawa na kakao. Mtu wa chai hafiki kule. Bosi kakubali tuihamishe tangawizi ikae na chai, shelfu ya usawa wa macho, na sukari na mkate vibaki vilipo. Nitaleta mrejesho.

MzeeWaLeja

Vizuri. Kabla hujahamisha andika namba mbili: kati ya wanunuzi 100 wa chai wangapi wanachukua tangawizi, ambayo ni 12.5, na tangawizi ngapi kwa wiki zinatoka bila chai, ambayo ni 200 kwa wiki nne, yaani 50. Hiyo ya pili utaihitaji. Na andika siku ambazo tangawizi iliisha shelfu, usizihesabu, maana siku isipokuwepo hakuna risiti itakayosema mtu aliitaka.

Mwana_Kihesa

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili tangu tuhamishe, na tangawizi haikuisha hata siku moja. Risiti zenye chai 460, zenye chai na tangawizi 78. Hiyo ni 17 kati ya 100, kutoka 12.5. Bosi anafurahi, anataka tuhamishe na viungo vingine vyote.

Data_Kitaa

Hongera kaka. Kazi imeonekana.

MzeeWaLeja

Hongera, lakini ile namba ya pili iko wapi?

Mwana_Kihesa

Nilijua utauliza. Tangawizi bila chai zimetoka 140 kwa wiki mbili, yaani 70 kwa wiki. Zilikuwa 50.

MzeeWaLeja

Basi tazama. Kwa wenye chai imepanda kutoka 12.5 hadi 17, hiyo ni kama asilimia 36. Kwa wasiochukua chai imepanda kutoka 50 hadi 70, asilimia 40. Kama ukaribu na chai ndio uliofanya kazi, ningetarajia wenye chai wapande kuliko wengine. Wamepanda sawasawa. Huko kwenu sasa hivi hali ya hewa ikoje?

Mwana_Kihesa

Baridi imeingia kweli kweli. Asubuhi ukungu, watu wana makoti.

Binti Makorora

Ndiyo hiyo. Baridi ya Iringa imewauzia tangawizi, shelfu imesingiziwa.

Data_Kitaa

Subirini. Tangawizi ilitoka shelfu ya chini ikaenda usawa wa macho. Hata asiyetaka chai sasa anaiona. Kwa hiyo kupanda kwa wasiochukua chai kunaweza kuwa ni kwa sababu ya kuonekana, si baridi. Mmebadilisha vitu viwili kwa mpigo, jirani na kimo.

MzeeWaLeja

Hapo Data_Kitaa kanishika, na ni sahihi. Kuna tatu sasa: baridi, kimo, na jirani. Namba hizi haziwezi kuzitenganisha. Njia iliyonyooka ni kuirudisha tangawizi safu ya nne kwa wiki mbili, lakini usawa wa macho, baridi ikiwa bado ipo. Ikishuka kwa wenye chai peke yao, chai ndiyo ilikuwa inaivuta.

Mwana_Kihesa

Bosi hatakubali kurudisha, mzee. Anasema wateja wameshazoea na wengine walianza kulalamika tulipohamisha. Je, nikiweka sehemu zote mbili, nyingine kwa chai nyingine kwa viungo, zote usawa wa macho? Tatizo bakodi ni moja, risiti haitajua imetoka wapi.

Kasarani_Duka

Weka pakiti za gramu 50 kwa chai na za gramu 100 kwa viungo. Risiti itajua.

Binti Makorora

Hapo watu watachagua kwa bei, si kwa mahali. Mwisho wa mwezi za mia zitatoka, katikati za hamsini, na utarudi hapa kuuliza tena.

MzeeWaLeja

Chapisha bakodi zenu wenyewe kwenye stika, namba moja kwa za shelfu ya chai na nyingine kwa za viungo. Pakiti ileile, bei ileile. Stika ifunike bakodi ya kiwandani kabisa, la sivyo keshia atapitisha yoyote inayowahi kulia. Na kila jioni mtu apite kwenye shelfu zote mbili, maana wateja huchukua huku wakaacha kule.

Mwana_Kihesa

Mashine ya stika tunayo, ile ya vitu vya kupima. Pakiti zilizobaki stoo ni kama 260, Jumamosi baada ya kufunga tutazibandika nusu kwa nusu. Dada Makorora, ile iliki yenu mlining'iniza kwa ndoano ya aina gani? Shelfu zetu za chai ni za mbao.

Binti Makorora

Ukanda wa plastiki wenye vikulabu, unapigiliwa msumari mdogo ubavuni mwa shelfu. Unabeba pakiti kumi na mbili. Weka upande ambao mteja anatokea, siyo upande wa ukutani.